Kupima mzunguko wa dunia kwa jua la adhuhuri, Lamu na Malindi

Mmoja akiwa Lamu na mwenzake Malindi, mnaweza kuupata mzunguko wa dunia kwa jua na futi ya kupimia. Mgiriki wa kale Eratosthenes, aliyepima hivi nchini Misri, alikuwa na tofauti ya pembe ya jua ya digrii 7 na kidogo kati ya Siyene na Aleksandria. Kwetu haifiki hata digrii 1, kwa hiyo kila milimita ina uzito.

Hatua ya 1. Simamisha mti kwenye sakafu iliyonyooshwa kwa pima maji. Usipime kivuli cha ncha. Jua ni duara, si nukta, kwa hiyo ukingo wa kivuli hufifia kwa upana wa kama sentimita 2, na hiyo ni nusu ya tofauti tunayoitafuta! Badala yake, pigilia juu kipande cha bati chenye tundu dogo, tundu liwe mita 2 kamili kutoka sakafuni. Chini utaona kiduara cha mwanga. Weka alama katikati yake. Kisha teremsha timazi kutoka tunduni. Inapogusa ndipo kipimo kinapoanzia.

Hatua ya 2. Tarehe 21 Juni, anza saa sita na dakika kumi, uweke alama kila baada ya dakika mbili hadi saa sita u nusu. Alama iliyo karibu zaidi na timazi ndiyo adhuhuri yako. Msipime kwa dakika moja kwa kupigiana simu: Malindi iko magharibi zaidi, adhuhuri yake huchelewa dakika 3 hivi.

Hatua ya 3. Sisi tulipata sentimita 96.3 Lamu na 100.4 Malindi. Gawanya kila kimoja kwa 200, bonyeza `tan⁻¹`: digrii 25.71 na 26.66. Tofauti ni 0.95. Umbali wa kaskazini kwenda kusini ni kilomita 105.

`105 × 360 ÷ 0.95 = 39,789`

Kipimo halisi kupitia ncha za dunia ni kilomita 40,008.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mbona mimi nimepata 51,500?* (Shela)
Umetumia kilomita 136, mstari wa moja kwa moja hadi Malindi, nao unakwenda kimshazari. Kwenye ramani, chora mstari wa mashariki-magharibi unaopita Malindi, kisha pima kutoka Lamu kushuka wima hadi kwenye mstari huo.

*Nikikosea milimita moja?* (Malindi)
Jibu linahama karibu kilomita 1,000. Ndiyo maana mti wa mita 1 haufai. Kosa huwa maradufu.

*Tarehe 13 Machi mwanga wangu ulianguka kusini mwa timazi, wa mwenzangu Lamu kaskazini. Nitoe?* (Malindi)
Hapana, jumlisha, maana jua lilikuwa katikati yenu. Na mpime siku ileile, kwani mwezi huo jua husogea karibu digrii 0.4 kwa siku. Juni halisogei kiasi hicho: wingu la kusi likimziba mmoja tarehe 21, apime kesho yake.