Kumwandalia msimulizi skripti yenye namba, tarehe, fedha na vifupisho

Wiki iliyopita nilimsaidia kijana mmoja kusafisha skripti ya kipindi cha redio. Nimeandika hapa tulivyofanya.

1. Nakili skripti kwenye faili jipya na ubadilishe kila tarakimu iwe maneno. Mimi sikubali tarakimu zibaki kwenye mabano pembeni ya maneno, kwa sababu jicho la msomaji hukimbilia tarakimu. Zibaki kwenye faili la zamani.

2. Sasa elfu. Hapa niliwahi kupoteza siku nzima. Skripti ilisema kata ina “watu 20,003”, msimulizi akasoma “watu elfu ishirini na tatu”. Kila aliyesikia alielewa 23,000. Tuliporudi studio kurekodi sentensi ile moja, sauti yake haikufanana na ya mwanzo, tukarudia aya nzima.

Ngeli ndiyo inayookoa. Hao watatu wa mwisho ni watu, kwa hiyo andika “watu elfu ishirini na watatu”. Kama ni 23,000, tatu inahesabu maelfu, basi andika “watu ishirini na tatu elfu”. Najua wengi husema “elfu ishirini na tatu”, lakini msikilizaji wa redio haoni karatasi.

Kwenye fedha ngeli haisaidii, maana kwa shilingi, tatu hubaki tatu. Sh. 20,003 iandike “shilingi elfu ishirini, na shilingi tatu”. Rudia neno shilingi bila kuona haya.

Namba ndefu ikate kwa koma kila thamani inapobadilika. Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Kwa msimulizi: “watu milioni sitini na moja, laki saba, arobaini na moja elfu, mia moja na ishirini”. Kama kipindi hakihitaji hesabu kamili, “karibu watu milioni sitini na mbili” inatosha.

Ukimaliza, pitia tena moja, mbili, tatu, nne, tano na nane zote: vijiji ishirini na vinane, magari kumi na mawili, watu thelathini na mmoja. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki.

3. Tarehe: 1/2 ni “tarehe mosi Februari”. Skripti ikitoka kwa Mmarekani, uliza kwanza, kwake huenda ni Januari 2. Saa 14:00 ni “saa nane mchana”.

4. 36% ni “asilimia thelathini na sita”.

5. Vifupisho: “Dk.” inaweza kuwa daktari au dakika, kwa hiyo andika neno lenyewe. TAKUKURU husomwa kama neno, iache. TRA husomwa herufi moja moja, iandike “Ti-Ara-Ei”.

6. Msomee mtu skripti, yeye aandike namba kwa tarakimu. Alipoandika tofauti na faili la zamani, badilisha sentensi hiyo kabla ya kwenda studio.