Somo: Mausi na spika za Bluetooth zinakatakata ukichomeka diski ya USB 3? Tatizo liko hapa

Habari za jioni wanajukwaa. Naandika kutoka Mwanga, Kigoma, mwisho wa reli. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na kuchapa picha, na somo hili limetokana na wiki mbili nilizopoteza nikilaumu kitu ambacho hakikuwa na kosa.

Nina laptopu ambayo Bluetooth yake ya ndani ilikufa zamani, kwa hiyo natumia adapta ndogo ya kuchomeka, ile isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Mausi na spika vyote vinapita hapo. Upande wa kulia wa laptopu kuna matundu mawili ya bluu, yamekaribiana kiasi kwamba flashi nene ikiingia moja inaziba jingine. Adapta ilikuwa tundu la kwanza, diski ya nje yenye video za wateja tundu la pili. Nikihariri, kishale cha mausi kinaganda halafu kinaruka, na sauti ya spika inakatika kama redio iliyoishiwa betri. Nikabadilisha betri za mausi, nikafuta na kusakinisha upya programu ya adapta, mwisho nikaagiza adapta nyingine Dar. Hali ile ile.

Siku moja mteja aliondoka na diski yake, nikaendelea na kazi nyingine. Saa nzima mausi haikuganda hata mara moja. Hapo ndipo nilipoanza kuitazama diski kwa jicho baya.

Kinachotokea

Bluetooth inatumia mawimbi ya karibu gigahezi 2.4. USB 3 kwa kasi yake ya kawaida inapitisha biti bilioni 5 kwa sekunde, na umeme unaobadilika kwa kasi hiyo ndani ya waya unamwaga kelele ya redio kwenye eneo pana, ikiwemo hapo hapo gigahezi 2.4. Kelele inavuja kwenye tundu lenyewe, kwenye kichwa cha waya, kwenye waya uliokingwa vibaya na kwenye kifaa kilichochomekwa. Si siri wala si kosa la chapa moja. Intel wenyewe walilieleza jambo hili kwenye waraka wa kiufundi wa mwaka 2012, wakaonyesha kelele ikipanda karibu desibeli 20 diski ya USB 3 ikichomekwa, yaani nguvu yake inazidi kama mara mia.

Mtu anaweza kuuliza, si Bluetooth ina ujanja wa kukwepa? Unao. Bluetooth ya spika na hedifoni ina chaneli 79 na inaruka kutoka moja hadi nyingine mara 1600 kwa sekunde, ikiziacha zile chafu. Ujanja huo unafaa pale Wi-Fi ya jirani inapokalia kipande kimoja cha masafa. Kelele ya USB 3 imetandazwa eneo lote, kwa hiyo hakuna pa kukimbilia.

Na anayeumia ni adapta, si spika. Fikiria umesimama mwaloni Kibirizi, umeegemea boti ambayo injini yake imewashwa, na mwenzako yuko mbali ufukweni. Ukimpigia kelele anakusikia, maana injini haiko karibu naye. Yeye akikujibu, wewe husikii kitu. Adapta iko pembeni ya injini. Mausi ndiyo inayoongea na adapta inasikiliza, ndiyo maana mausi na maikrofoni huharibika mapema. Muziki nao unakatika kwa sababu spika lazima irudishe jibu la "nimepokea". Adapta isiposikia jibu hurudia kutuma, inarudia tena, mpaka akiba ya sauti iliyo ndani ya spika inaisha.

Hatua ya 1: Thibitisha kwanza, usinunue kitu

Acha diski imechomekwa, anza kukopi faili kubwa, kisha zungusha mausi taratibu kwenye duara. Angalia kishale. Sasa toa diski kwa utaratibu, siyo kuichomoa tu, halafu rudia duara lile lile. Mimi diski ikiwemo, kishale kilikuwa kinaruka mausi ikiwa umbali wa mkono mmoja. Diski ikiwa nje, nilienda na mausi mpaka mlangoni, hatua kama nane, na bado iliitika.

Usidanganyike na kwamba hukopi chochote. Laini ya USB 3 ikiwa macho huendelea kupiga kelele hata faili zimetulia. Kukopi kunahakikisha tu kwamba diski haijasinzia wakati unapima.

Hatua ya 2: Hamisha adapta

Hii ni bure na mara nyingi inamaliza kazi. Tafuta tundu la upande wa pili wa laptopu, hasa jeusi la USB 2. Wengi wanaogopa kwamba adapta itapungua kasi. Haipungui, kwa sababu adapta za Bluetooth hazitumii USB 3 kabisa. Ukiichomeka kwenye tundu la bluu unapoteza tundu zuri bure.

Usiitegemee sana rangi lakini. Kuna laptopu zenye matundu meusi ambayo ni USB 3, basi angalia alama ya SS pembeni ya tundu.

Hatua ya 3: Itoe adapta kwenye kelele kwa waya

Kama matundu yote yako upande mmoja, au upande wa pili hauna nafuu, nunua waya wa kurefushia wa USB 2, nusu mita au mita moja inatosha. Kelele hii hupungua haraka sana ukisogea, na sentimita za mwanzo ndizo zenye faida kubwa kuliko zote. Adapta yangu sasa iko mwisho wa waya wa mita moja, nimeibandika kwa selotepu nyuma ya skrini, juu kidogo, mahali inapoonana na spika. Kosa nililolifanya siku ya kwanza ni kuupitisha waya mezani mpaka adapta ikalala juu ya diski. Nikasema waya haufai. Nilikuwa nimeirudisha injini pale pale.

Sogeza diski pia. Waya wake ukiwa mrefu, ipeleke upande mwingine wa meza badala ya kuiacha imejikunja mbele ya kibodi.

Hatua ya 4: Kama bado, ipunguze kasi diski

Hii ni ya mwisho kwa sababu ina gharama ya muda. Diski ikichomekwa tundu la USB 2, laini ya kasi haiwaki na kelele ile inaondoka. Diski zenye tundu lile pana lililogawanyika vipande viwili zinakubali hata waya wa kawaida wa simu za zamani, unaingia kwenye kile kipande kikubwa, na diski inashuka kwenye USB 2 yenyewe.

Hesabu yake ni hii. Harusi moja kwangu ni kama gigabaiti 20. Kwa USB 3 diski yangu inakimbia kama megabaiti 100 kwa sekunde, dakika tatu na nusu hivi. Kwa USB 2 inabaki kama 35, yaani karibu dakika kumi. Kwa kusikiliza na kuangalia tu sijali. Kwa kukopi kazi ya mteja aliyesimama kaunta, hapana, narudi kwenye waya wa hatua ya 3.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Ujiji: Mkuu, duka la kwetu waya zote hazina maandishi. Nitajuaje huu ni USB 2?

Chungulia ndani ya kichwa chake, kaka. USB 2 ina vibati vinne tu. USB 3 ina hivyo vinne na vingine vitano nyuma yake, jumla tisa, na mara nyingi plastiki ya ndani ni ya bluu. Wa USB 3 nao ungefanya kazi na adapta, ila ni mnene, ghali, na hauongezi chochote.

Dada wa stesheneri, Tabora: Mimi natumia kompyuta ya mezani. Adapta iko mbele, karibu na tundu la flashi. Nikiihamishia nyuma, mausi inakuwa mbaya zaidi!

Nyuma, dada, adapta inafunikwa na boksi la chuma na ukuta, na pengine imejikuta kati ya matundu mengine ya bluu. Mbele nako kuna waya wa ndani unaoyaleta matundu ya USB 3, na huo unaweza kuvuja. Kwako njia ni moja: tundu la USB 2 la nyuma, waya wa mita moja na nusu, adapta ipande juu ya meza.

Mzee, Kasulu: Mwanangu, kijana wangu ameizungushia waya wa diski karatasi ya fedha ya kufungia chakula. Anasema inazuia. Kweli?

Shikamoo mzee. Mwambie aitoe. Kelele nyingi inavuja kwenye kichwa na tundu, na karatasi isiyounganishwa na kinga ya waya haisaidii kitu cha maana. Kipande chake kikiingia kwenye vibati kitapiga shoti, na tundu la laptopu kulitengeneza ni ghali kuliko waya mpya.

Mwanachama, Kigoma Mjini: Laptopu yangu Bluetooth iko ndani, sina adapta. Nina habu ya tundu la C yenye diski na flashi. Inahusu?

Inahusu. Antena za ndani mara nyingi zimepita kwenye fremu ya skrini, kwa hiyo habu na diski zisikae karibu na bawaba. Ziburute mbele au pembeni kadiri waya unavyoruhusu. Na mtu mwenye adapta asiichomeke kwenye habu hiyo, maana hapo itakaa bega kwa bega na diski.

Mwanachama, Nguruka: Natumia Linux. Kuna namna ya kujua diski iko kwenye kasi gani?

Andika hii:

```
lsusb -t
```

Tazama mwisho wa kila mstari. Diski kwenye USB 3 itaonyesha 5000M au zaidi, ikishuka USB 2 itaonyesha 480M. Adapta yako itakuwa kwenye mstari wenye btusb, na kwa kawaida utaona 12M, ndiyo maana nilisema tundu la bluu haliipi faida.

Mwanachama, Uvinza: Nimefanya hatua ya kwanza. Nimetoa diski, nimetoa flashi, mausi bado inaganda.

Basi USB 3 hana hatia kwako. Zima Wi-Fi ya laptopu dakika tano ujaribu tena. Ikitulia, hamishia Wi-Fi kwenye gigahezi 5 kama ruta yako inayo. Isipotulia, unganisha mausi hiyo na kompyuta nyingine. Ikiganda na huko, mausi ndiyo mbovu.