Kabla hujaibandikia NVMe hitisinki

Mwezi wa kumi hapa Dodoma, mvua ikiwa bado haijafika na bati limeshapata moto, watu huanza kuulizia hitisinki za kupoza NVMe, zile diski za chipu zinazochomekwa kwenye madabodi. Wengi hawajaona tatizo lolote. Wameona picha ya kipande cha alumini chenye mapezi wakasema hicho ndicho kinachokosekana. Mimi humwambia mteja asinunue kwanza, tupime, kwa sababu diski nyingi ninazofungua hazikihitaji kabisa, na chache zinazokihitaji huharibiwa na namna kilivyofungwa.

Jambo la kwanza la kujiuliza ni data inatoka wapi. NVMe haichemki kwa sababu tu ni ya kasi. Inachemka inapofanya kazi kwa kasi hiyo kwa muda. Ukinakili picha kutoka kadi ya kamera inayosoma megabaiti 90 kwa sekunde, diski yenye uwezo wa megabaiti 3,000 inafanya kazi ya kutembea tu, hata ukinakili mchana kutwa. Ndivyo ilivyo pia ukitoa faili kwenye diski ya nje ya kuzunguka. Mwanafunzi wa UDOM anayeandika ripoti, anayefungua kivinjari na kutazama video, diski yake hupata mshtuko wa sekunde chache kisha inalala. Huyo namrudishia hela yake akanunulie kitu kingine. Anayepaswa kupima ni yule anayehamisha mafaili makubwa kutoka NVMe moja kwenda nyingine, au anayehariri video diski ikiandikwa dakika nyingi mfululizo.

Kijana mmoja wa kurekodi harusi, ana ofisi yake Nkuhungu, alikuja na kompyuta ya mezani akasema, "Kaka, shikamoo. Hii diski nimeuziwa ya kasi, lakini nikihamisha kazi ya send-off inaanza vizuri halafu inakata pumzi. Niwekee hitisinki." Nikamwambia, "Marahaba mdogo wangu. Iache hapa, nikuoneshe kwanza inakata pumzi kwa nini."

Diski yenyewe hutunza kumbukumbu ya joto lake, na hapo ndipo pa kuanzia kabla ya bisibisi. Kwenye Linux, ukishasakinisha smartmontools, amri ni hii:

```
sudo smartctl -a /dev/nvme0
```

Mstari wa `Warning Comp. Temp. Threshold` unakuonesha nyuzi ambazo mtengenezaji anaziita za onyo kwa diski hiyo. Nyingi huwa kati ya 80 na 85, lakini soma ya kwako, usichukue ya jirani. Mstari wa `Temperature` ni joto la sasa hivi. Wenye maana zaidi ni `Warning Comp. Temperature Time`: unahesabu dakika ambazo diski imekaa juu ya mpaka wa onyo tangu itoke kiwandani. Ukiwa sifuri baada ya mwaka mzima wa kazi, huna ugonjwa mkubwa wa joto. Sisemi huna kabisa, maana baadhi ya diski huanza kujipunguzia kasi kidogo kabla ya kufika kwenye onyo. Kwa mtu wa Windows, programu ya CrystalDiskInfo inaonesha joto vizuri bila kuandika amri.

Ya kijana ilionesha dakika 212. Basi joto lipo. Ila sikuridhika, kwa sababu diski ina njia mbili za kukata pumzi na watu huzichanganya.

Njia ya kwanza ni joto lenyewe. Chipu inayoongoza diski, kidhibiti, ikiona inakaribia mpaka hujipunguzia kasi ili ipoe, ikipoa inaongeza, ikichemka inapunguza tena. Kasi inapanda na kushuka kama meno ya msumeno. Njia ya pili haihusiani na joto. Diski za kawaida siku hizi hutunza biti tatu katika kila seli, na kuandika hivyo ni polepole. Kwa hiyo diski huanza kwa kuandika biti moja moja kwenye nafasi iliyo wazi, haraka haraka, ikipanga kuzipanga upya baadaye. Nafasi hiyo ya haraka ikijaa, kasi huporomoka mara moja na kubaki chini, imenyooka, bila msumeno. Hata uifunge kwenye barafu, haitapanda.

Tukafanya jaribio saa tisa alasiri, chumba kikiwa nyuzi 33. Saa hiyo nilichagua makusudi. Usiku Dodoma panapoa, na kila nyuzi inayopungua chumbani hupungua karibu nyuzi hiyo hiyo kwenye diski. Ukipima saa tatu usiku utajidanganya. Tukahamisha gigabaiti 300 za video kutoka NVMe nyingine. Kasi ilikaa kwenye megabaiti 2,000 hivi kwa sekunde, na joto likapanda kutoka nyuzi 52. Baada ya dakika moja na nusu lilifika 83, na msumeno ukaanza: 700, 2,000, 700.

Tukaiacha ipoe, tukafuta tulichonakili, tukasubiri tena muda wa kutosha ili diski imalize usafi wake wa ndani. Kisha nikafungua ubavu wa kasha na kuielekezea feni ya mezani. Jaribio hili halina gharama na ndilo linaloamua. Safari hii joto liliishia nyuzi 68 na msumeno haukuonekana. Lakini ilipofika karibu gigabaiti 220 kasi ilianguka hadi 900 na kutulia hapo. Hesabu yake ni rahisi: diski ilikuwa na gigabaiti 660 wazi, na ukiandika biti moja mahali pa biti tatu unapata theluthi yake, yaani 220. Nikamwambia mapema kabisa kwamba hitisinki itaondoa msumeno, na ile 900 ya mwishoni itabaki pale pale. Bila kuambiwa hivyo angerudi kunidai.

Kama feni isingebadilisha chochote, kazi ingeishia hapo.

Sasa nafasi. Diski yake ilikuwa chini ya kadi ya michoro, mahali pabaya, lakini tundu la pili la madabodi lilikuwa la kizazi cha nyuma na lingemkata kasi nusu. Nilikunja kipande cha kadibodi na kukisukuma chini ya kadi hadi kikagusa, nikakipima: milimita 9. Hitisinki zenye mnara hazikuwa na nafasi hapo. Tulichukua bamba la alumini la milimita 5 lenye mifereji mipana. Kwa vumbi letu hili napendelea mifereji mipana hata nafasi ikiwepo. Mapezi ya kubanana yakishajaa vumbi jekundu yanageuka blanketi.

Kisha geuza diski uone upande wa chini. Zingine zina chipu upande mmoja tu, zingine pande zote mbili. Ya upande mmoja huhitaji pedi laini ya kupitisha joto juu tu, na bamba la chini, kama lipo, ni la kushikilia. Ya pande mbili ukiibandikia juu peke yake kwa klipu inayobana kwa chini, ule mkandamizo unaangukia kwenye chipu zisizo na kitu cha kuzilinda.

Pedi ndiyo inayokosewa kuliko vyote. Kazi yake ni kujaza pengo, kwa kuwa chipu za diski hazilingani urefu. Ndiyo maana pasta ya prosesa haifai hapa: haifiki kwenye chipu fupi, na inachafua. Unene wa milimita 1 unatosha hitisinki nyingi, lakini usikisie. Pedi ikiwa nyembamba, bamba linaelea juu ya kidhibiti bila kukigusa sawasawa. Ikiwa nene mno, ukikaza skrubu ubao wa diski unapinda kama upinde, na lehemu zilizo chini ya chipu zinapata mvuto kila siku hadi moja inaachia. Namna ya kujua: funga kwa mkono bila nguvu, uitazame diski kwa ubavu usawa wa jicho kama imenyooka, kisha fungua uone pedi. Alama za pembe za chipu, hasa kidhibiti, zinatakiwa zionekane zimejichora. Zisipoonekana, pedi haijagusa. Zile namba kubwa za W/mK, kipimo cha pedi kupitisha joto, kwenye pakiti usizihangaikie; pedi ya bei ndogo iliyogusa vizuri inaishinda ya gharama iliyoelea.

Stika ya diski iache. Kuibandua mara nyingi kunakufutia dhamana, na baadhi zimetiwa tabaka la shaba la kusambaza joto. Kinachopaswa kubanduliwa ni utando wa plastiki wa pedi, pande zote mbili. Mmoja ni wa rangi na unaonekana. Mwingine ni mwangavu, na nimeshafungua kompyuta tatu ambazo ulibaki ndani, mwenyewe akishangaa kwa nini joto limezidi kuliko zamani.

Kwenye laptopu habari ni fupi: pima pengo kati ya diski na kifuniko cha chini. Mara nyingi panatosha bamba jembamba la shaba au pedi peke yake inayopeleka joto kwenye kifuniko, na kama kifuniko hakifungi bila kusukumwa, toa ulichoweka.

Kabla ya kugusa diski, chomoa waya wa umeme na ushike chuma cha kasha. Hewa yetu ya kiangazi ni kavu, na umeme wa nguo unatosha kuumiza chipu bila wewe kusikia kitu. Na fikiria siku ya kuitoa. Pedi iliyokaa mwaka imeng'ang'ania. Kijana fulani aliniletea diski aliyoivuta kwenda juu kwa nguvu, na chipu moja ikabaki kwenye alumini. Pasha kwanza kwa dryer ya nywele, usichome, kisha pitisha uzi wa nailoni taratibu kati ya pedi na chipu.

Tulipomaliza ya Nkuhungu tulirudia jaribio lile lile, saa tisa, ubavu umefungwa, bila feni ya mezani. Joto liliishia nyuzi 74, msumeno haukuwepo, na kwenye gigabaiti 220 kasi ikashuka hadi 900 kama tulivyokubaliana. Alirudi baada ya mwezi na kazi ya harusi mbili ndani yake. Nikaendesha ile amri mbele yake: dakika 212.