Mbuzi wangu au mbuzi yangu? Kupatanisha -angu na huyu, hii, hiki bila kukariri jedwali

Mpangaji wangu, kijana fundi wa umeme kutoka bara, alipotelewa na mbuzi siku chache kabla ya Idi. Akaandika tangazo kwa mkono, akalibandika Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu:

"Mbuzi yangu imepotea. Anayejua iko wapi anipigie."

Adhuhuri haijaingia, alikuwa ameshapigiwa simu mbili, zote na wanawake wa Langoni. Mmoja alimwonea huruma, akamwambia aje aazime ya kwake mpaka apate nyingine. Kijana akaja kwangu ameduwaa. Nikamwambia, mwanangu, mbuzi "iliyopotea" ni ile ya kukalia ukakuna nazi. Mwenye miguu minne ni mbuzi "aliyepotea". Tukakaa barazani tulirekebishe tangazo, na haya ndiyo niliyomfundisha.

Hatua ya 1: Iangushe nomino

Majedwali ya ngeli siyapendi. Nimewaona watu wanaolijua jedwali lote kwa moyo na bado wanasema "hii kisu". Chukua neno lako, useme limeanguka: kisu kimeanguka, visu vimeanguka, jiwe limeanguka, mawe yameanguka, ukuta umeanguka, kamba imeanguka, kamba zimeanguka. Kile kipande cha mwanzo wa kitenzi (ki, vi, li, ya, u, i, zi) ndicho utakachofanyia kazi.

Hatua ya 2: Kiashiria

Tanguliza h, fuatisha irabu ya kipande chako, kisha kipande chenyewe. Ki inakupa hiki, li inakupa hili, ya inakupa haya, zi inakupa hizi, u inakupa huu. Cha mbali ni kipande na -le: kile, lile, yale, zile, ule.

Anayekataa kupanga mstari ni huyu, kwa sababu mtu "ameanguka", na a haiwezi kuzaa huyu. Yeye ametoka kwenye yu, ile unayoisikia mtu akijibu "yu hapa". Wakiwa wengi mambo yanarudi sawa: wameanguka, hawa.

Hatua ya 3: Kimilikishi

Kipande kinakutana na irabu ya -angu, -ako, -ake, -etu, -enu au -ao, kwa hiyo kinabanwa: ki inakuwa ch (changu), vi inakuwa vy (vyangu), li inabaki l (langu), i inakuwa y (yangu), zi inabaki z (zangu), u inakuwa w (wangu). Watu nao ni wangu, mmoja au wengi. Ndiyo maana wangu peke yake haikuambii kitu: mgeni wangu, mti wangu, ukuta wangu. Ukiongeza kiashiria ndipo unaona tofauti: mgeni wangu huyu, mti wangu huu.

Upatanisho hufuata kinachomilikiwa. Mwenye mali hahusiki.

Hatua ya 4: Viumbe hai (hapa ndipo Isha ilipotukuta)

Nilimwambia kijana: kiumbe hai, hata neno lake liwe na umbo gani, anapatanishwa kama mtu. Kijana ameanguka, kiboko ameanguka, paka ameanguka. Basi ni kijana wangu huyu, kiboko huyu, paka wangu huyu. Huwezi kusema kijana changu hiki. Neno moja likiwa na maana mbili, maana ndiyo inayoamua. Kamba ya kufungia mashua ni kamba hii, kamba wa kuliwa ni kamba huyu. Mbuzi tumeshamwona.

Akafurahi, akaenda, akarudi na karatasi ya pili:

"Mbuzi wangu huyu amepotea. Shingoni ana kamba wake wa buluu. Rafiki wangu huyu alimwona karibu na Ngome."

Sasa kila kitu kimekuwa wangu! Kamba ilikuwa rahisi: mbuzi ndiye hai, kamba si hai, kwa hiyo kamba yake ya buluu. Lakini alipouliza rafiki ana kosa gani, na rafiki ni mtu anayepumua, nilikwama. Mimi nimezaliwa nikisema rafiki yangu, sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Jibu ni hili. Maneno ya uhusiano yasiyoanza na m- ya mtu yanashika y katika umoja na z katika wingi, lakini kwenye kimilikishi tu: baba yangu, mama yangu, dada yangu, shangazi yako, shemeji yake, ndugu zangu. Kiashiria na kitenzi vinabaki vya mtu. Rafiki yangu huyu amekuja, ndugu zangu hawa wamekuja. Hata rafiki akiwa marafiki, bado ni marafiki zangu. Usiburute y ukafika kwenye kiashiria, ukasema "rafiki yangu hii". Hilo ndilo kosa ninalolisikia zaidi kwa wanaojifunza.

Majina ya kazi hayaingii humo, hata yale yasiyo na m-: daktari wangu, fundi wangu, nahodha wetu. Mke, mume, mtoto na mjomba wana m- yao, kwa hiyo ni wangu.

Ukiwa na shaka, sikiliza mkato. Lugha imeficha jibu mwishoni mwa neno: nduguye na rafikiye wana y kwa sababu ni ndugu yake na rafiki yake. Mumewe na mwanawe wana w kwa sababu ni mume wake na mwana wake. Wengi ni nduguze, na z inasikika. Si kila neno linakubali kukatwa hivi, lakini linalokubali halidanganyi.

Kuna kona moja sikumwambia usiku ule, maana angelia. Wanyama wakiwa wengi, utasikia wafugaji na wazee wakisema mbuzi zangu, ng'ombe zetu, na wanafanya hivyo kwa sababu nzuri: "mbuzi wangu" haionyeshi kama ni mmoja au kumi. Shuleni watakuandikia mbuzi wangu. Mimi nasema zangu, lakini kiashiria sikigusi: mbuzi zangu hawa wamekula mkeka.

Hatua ya 5: Huyu au huyo

Hapa tulimaliza haraka. Huyu ni wa karibu, unaweza kumgusa. Huyo ni aliyekwisha kutajwa. Mbuzi aliyepotea hayupo, kwa hiyo "mbuzi wangu huyu amepotea" inafaa ikiwa tu umebandika picha yake. Kwa vitu ni vivyo hivyo: hiki, kisha hicho, hii, kisha hiyo, hili, kisha hilo.

Tangazo lililobandikwa asubuhi yake, bila picha:

"Mbuzi wangu amepotea tangu juzi. Ni mweupe, shingoni ana kamba yake ya buluu. Rafiki yangu alimwona karibu na Ngome. Atakayemwona mbuzi huyo tafadhali anipigie."

Simu ya kwanza ilikuja alasiri. Mbuzi alikuwa Mkomani, amefungwa kwenye ua wa mtu, na kamba yake ya buluu ilikuwa imeshatafunwa nusu.