Kupima kama alama za wasifu zinatabiri matokeo ya usaili

Timu nyingi huamini rubriki yao ya kuchuja wasifu kwa sababu walioitwa kwenye usaili walifanya vizuri, ilhali waliokatwa hawakuwahi kuonwa na yeyote. Ukilinganisha alama za walioitwa peke yao, uhusiano utaonekana dhaifu kuliko ulivyo, kama vile mtu anayetaka kujua iwapo urefu husaidia kufikia rafu ya juu akawapima watu warefu tu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza hufanyika kabla ya mwaliko wowote. Tuseme kila raundi ina nafasi 12 za usaili: wape 7 wenye alama za juu kabisa, kisha 5 wachaguliwe kwa bahati nasibu miongoni mwa waliobaki wenye sifa za lazima. Hawa 5 wawe na nafasi ya kweli ya kuajiriwa, kwani si haki kumwita mtu ili awe kipimo tu.

Hatua ya pili ni kuwaficha wasaili alama za wasifu na kuwapa maswali yaleyale kwa kila mwombaji. Msaili aliyekwisha kuona kwamba mtu alipata 19 kati ya 20 humsikiliza kwa sikio jingine, na hapo rubriki huwa inajitabiri yenyewe.

Tatu, weka alama za wasifu katika safuwima C ya lahajedwali na za usaili katika D, kisha kokotoa uhusiano wa kila raundi peke yake. Usichanganye raundi zote katika jedwali moja, kwa sababu jopo lenye mkono mwepesi wa kutoa alama likikutana na raundi yenye waombaji wenye alama za juu, utaona uhusiano usiokuwepo.

```
=CORREL(C2:C13,D2:D13)
```

Tuseme raundi tatu zimetoa 0.45, 0.10 na 0.35. Zigeuze kwa `FISHER` katika F2 hadi F4, kisha tafuta wastani na mpaka wa chini wa kiwango cha uhakika cha asilimia 95:

```
=FISHERINV(AVERAGE(F2:F4))
=FISHERINV(AVERAGE(F2:F4)-1.96/SQRT(27))
```

Ile 27 ni raundi 3 mara 9, kwa kuwa kila raundi ya watu 12 hupunguzwa 3. Wastani ni takriban 0.31, lakini mpaka wa chini ni takriban -0.06, na wa juu, ukiweka alama ya kujumlisha, ni 0.60. Maana yake ni kwamba bado huwezi kukataa uwezekano kuwa rubriki haitabiri chochote. Wastani ukibaki huohuo, mpaka wa chini utapanda juu ya sifuri kwenye raundi ya tano, si kabla yake.

Hapo ndipo wengi hukosa subira na kubadilisha uzito wa vigezo katikati. Ukibadilisha, raundi zilizotangulia zilipima rubriki nyingine, kwa hiyo anza kuhesabu upya.