Somo: Kukamata oda moja iliyoingia kwa njia tatu

Tuchukue duka la kuchapa fulana Dar es Salaam. Jumatatu saa 3 asubuhi mteja anaandika WhatsApp: fulana 40 za bluu. Saa 5, kwa barua pepe, anaomba zilezile. Saa 8 anajaza fomu ya tovuti, ila sasa ni 45. Msipoangalia, fundi atachapa 125.

1. Oda zote ziingie karatasi moja ya Google Sheets, hata za WhatsApp, mtu azichape kwa mkono. Kolamu A iwe tarehe na saa mteja alipotuma (sio ulipochapa wewe), B njia, C simu, D barua pepe, E bidhaa, F idadi.

2. Safisha simu. Kwanza weka kolamu C iwe Plain text, la sivyo namba inayoanza na + inaweza kuleta #ERROR!. Mtu mmoja huandika 0700 000 123, kesho +255 700-000-123, na karatasi nayo ikidhani ni hesabu inameza sifuri ya mbele. Tarakimu 9 za mwisho hazibadiliki, kwa hiyo weka hii G2, kisha buruta chini:

```
=RIGHT(REGEXREPLACE(C2&"","\D",""),9)
```

3. Bidhaa ichaguliwe kwenye orodha kwa msimbo wake, mfano FUL-BLU. Ukiruhusu watu waandike, "tisheti bluu" na "fulana za buluu" hazitakutana kamwe.

4. H2 tafuta simu ileile na bidhaa ileile ndani ya siku 2, kisha buruta chini:

```
=IF(G2="","HAINA SIMU",IF(SUMPRODUCT((G$2:G$500=G2)*(E$2:E$500=E2)*(ABS(A$2:A$500-A2)<=2))>1,"KAGUA",""))
```

Idadi nimeiacha nje makusudi. Ningeiweka, ile 45 ingepita kama oda mpya, wakati huenda ni mteja anarekebisha 40 yake.

5. Usifute mstari wowote. Mpigie: "Tumepokea 40, kisha 45. Tuchape 45 kwa jumla?" Akikubali, rekebisha idadi kwenye mstari wa kwanza, mingine iandike NAKALA. Kazi isiende kwa fundi kabla ya jibu.

Maswali ya wanachama

*Barua pepe nyingi hazina simu. Tunafanyaje?*
Hapo ndipo HAINA SIMU inapotokea. Weka karatasi ya pili yenye barua pepe na simu za wateja wa zamani, uchukue namba huko. Kwa mteja mgeni, muombe namba kabla ya kuthibitisha oda.

*Kaka, mimi fomyula inakataa kabisa.*
Jaribu kubadilisha mikato iwe nukta mkato (;). Hiyo inategemea nchi iliyowekwa kwenye mipangilio ya karatasi.

*Je, bosi akiagiza kwa namba yake na karani wake kwa nyingine?*
Hii haikamati. Kwa wateja wa kampuni ongeza kolamu ya jina la kampuni, nalo lichaguliwe kwenye orodha, kisha linganisha hilo badala ya simu.

*Mteja wangu mwenye mgahawa huagiza kitu kilekile kila siku.*
Basi siku 2 ni nyingi mno kwako. Weka 0.25, yaani saa 6.