Dhoruba ya thairoidi: kabimazoli kwanza, Lugol baadaye

Mwongozo huu ni wa matabibu, madaktari na wauguzi wa vituo vya afya na hospitali za wilaya huku Nyanda za Juu Kusini. Goita kwetu si kitu cha kushangaza. Wazee wengi wa Makete, Njombe na Rungwe walikulia enzi ambazo chumvi yenye madini joto haijaenea, na wengine wamebaki na goita yenye mabonge hadi leo. Goita ya namna hiyo inaweza kukaa kimya miaka mingi, halafu mabonge yakaanza kutengeneza homoni yenyewe bila kusikiliza amri ya ubongo. Mgonjwa anakonda, anatetemeka, moyo unakwenda mbio. Akipata kichocheo juu ya hali hiyo, mwili mzima unachemka na viungo vinaanza kushindwa. Hiyo ndiyo dhoruba ya thairoidi, na inaua hata wagonjwa waliofika hospitali.

Nitatumia mgonjwa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike. Dozi zote ni za mtu mzima, na si za kujaribia nyumbani.

Mama wa miaka 52 analetwa usiku wa mwezi wa sita. Siku nne anakohoa, tangu jana anatapika na kuharisha, na tangu mchana anaongea maneno yasiyoeleweka. Binti yake anasema: "Shikamoo daktari. Mama anatupa mablanketi. Baridi yote hii, anasema anaungua." Kipimo cha haraka cha malaria hakioneshi kitu. Joto ni 39.2, mapigo 136 yaliyo sawasawa, presha 150/60, oksijeni asilimia 88. Ana mlio wa nimonia chini ya pafu la kulia.

Hatua ya 1: Shika shingo, uliza dawa

Mgonjwa huyu angeweza kulazwa kama nimonia tupu, akapewa sindano ya antibiotiki na dripu, na asubuhi akawa amekufa. Kinachookoa ni kufungua kitenge alichojifunga shingoni. Huyu alikuwa na goita yenye mabonge. Macho hayakuwa yametoka nje, na hapo ndipo wengi wanapopotea: macho kutoka ni dalili ya ugonjwa wa Graves, goita ya mabonge haiyatoi. Shika polepole, usiikandekande.

Kisha muulize ndugu: "Kuna vidonge alikuwa anakunywa, akaacha?" Binti akasema mama alianzishiwa vidonge vya shingo, akavitumia hadi akaona nafuu, na vilipokwisha hakurudi kuchukua vingine kwa sababu viazi vilikuwa shambani. Kuacha dawa ghafla na maambukizi ndivyo vichocheo ninavyokutana navyo zaidi, na huyu alikuwa navyo vyote viwili. Vingine vya kuuliza ni kujifungua, upasuaji, ajali, kisukari kilichopanda sana, na chochote chenye madini joto mengi, kama dawa ya moyo iitwayo amiodaroni au dawa inayochomwa kabla ya kipimo cha CT.

Angalia pia mapigo ukiyalinganisha na joto. Kwa kawaida kila nyuzi moja ya homa huongeza mapigo kama 10 kwa dakika. Homa ya 39 ingempeleka kwenye 100 au 110. Yakifika 136, tena tofauti kati ya presha ya juu na ya chini ikiwa pana namna ile, kuna kitu kingine kinausukuma moyo.

Hatua ya 2: Piga hesabu, lakini ujue inapodanganya

Alama tunazotumia zilitungwa na Burch na Wartofsky mwaka 1993. Zinahesabu joto, hali ya akili, tumbo na ini, mapigo, kushindwa kwa moyo, mapigo yasiyo na mpangilio, na kama kuna kichocheo. Mama huyu: joto 39.2 ni alama 20, kuchanganyikiwa 20, kutapika na kuharisha 10, mapigo 136 ni 20, kichocheo 10. Jumla 80. Mlio wa pafu sikuuhesabu kama moyo kushindwa kwa sababu ulikuwa upande mmoja tu, wala miguu haikuvimba. Kuanzia 45 kwenda juu, dhoruba inawezekana sana. Kati ya 25 na 44 inanyemelea. Chini ya 25 kuna uwezekano mdogo.

Sasa mchukue kijana mwenye nimonia kali, shingo safi, joto 39 na mapigo 125. Atapata 20 kwa joto na 15 kwa mapigo, na ukiyahesabu maambukizi kuwa kichocheo, 10 nyingine. Tayari ana 45, na tezi yake ni nzima kabisa. Alama hizi zina maana kwa mtu mwenye ushahidi wa homoni kuzidi: goita, kukonda huku anakula, mikono kutetemeka, au historia ya dawa. Kipimo cha TSH na T4 kinathibitisha kwamba homoni zimezidi, ila hakitenganishi dhoruba na ugonjwa wa kawaida wa tezi. Chukua damu, tuma, endelea na tiba. Ukisubiri majibu yatoke Mbeya mjini utakuwa unamsubiria marehemu.

Hatua ya 3: Dakika za mwanzo

Oksijeni, njia ya mshipa, sukari ya damu. Dripu ya chumvi yenye dekstrosi, kwa uangalifu ukimsikiliza mapafu kila mara, maana moyo uliochoka haupendi maji mengi. Mpoze kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu na parasetamoli. Aspirini usimpe: inazibandua homoni kutoka kwenye protini zinazozibeba na kuziacha huru kwenye damu.

Antibiotiki ya nimonia ianze sasa hivi, isingoje tezi. Mama alipata seftriaksoni gramu 2 mshipani, na azithromaisini kwa mrija.

Katika damu hiyo hiyo, omba picha kamili. Kabimazoli mara chache huziua seli nyeupe, kwa hiyo mtu aliyekuwa anaitumia akija na homa na koo linalouma, hakikisha kwanza. Neutrofili zikiwa zimeisha, usimrudishie. Zungumza na hospitali ya rufaa. Kwa mama zilikuwa juu, kama ilivyotarajiwa kwa nimonia.

Hatua ya 4: Dawa za tezi, kwa mpangilio huu

Tezi ifikirie kama mashine ya kusaga iliyojengwa pamoja na ghala. Mashine inatengeneza homoni, ghala linahifadhi za wiki kadhaa. Kabimazoli inazima mashine tu. Zilizoko ghalani zinaendelea kutoka. Lugol, yaani maji ya madini joto, inafunga mlango wa ghala kwa haraka. Lakini madini joto ndiyo mahindi yenyewe. Ukiyapeleka mashine ikiwa bado inazunguka, itayasaga, na kwenye goita ya mabonge itayasaga bila breki.

Kwa hiyo kwanza propranololi, kutuliza moyo: miligramu 60 kwa mdomo au mrija, kila saa 4 hadi 6, ukilenga mapigo yashuke taratibu. Kwa dozi kubwa inapunguza pia kugeuzwa kwa T4 kuwa T3, ambayo ndiyo yenye nguvu. Hapa pana hatari moja ninayoiogopa kuliko zote. Mgonjwa ambaye moyo umeshashindwa, mapafu yana maji pande zote na presha inashuka, anaishi kwa yale mapigo ya haraka. Ukimpa dozi kamili unaweza kumzima. Huyo mpe kidogo sana au acha mpaka uongee na bingwa. Mwenye pumu usimpe.

Mara tu baada ya hapo, kabimazoli. Haina sindano, hivyo vidonge vinasagwa na kupitishwa kwenye mrija wa pua: miligramu 20, yaani vidonge 4 vya miligramu 5, kila saa 4. Ukiwa na propilithiourasili ni nzuri zaidi kwa dhoruba, kwa sababu nayo inazuia T4 kugeuka T3: miligramu 500 hadi 1,000 za kuanzia, kisha 250 kila saa 4. Ndiyo ya kuchagua pia kwa mimba changa. Mwenye manjano au ini bovu, baki na kabimazoli.

Haidrokotisoni miligramu 300 mshipani, kisha 100 kila saa 8. Inasaidia presha, inazuia ule mgeuko wa T4, na inafidia tezi za juu ya figo ambazo huenda zimelemewa.

Andika saa ya kabimazoli kwenye chati. Ya mama ilikuwa 4:20 usiku. Lugol hairuhusiwi kabla ya saa moja kupita, kwa hiyo mapema kabisa ni 5:20. Ikifika, matone 10 ya Lugol ya asilimia 5, yaliyochanganywa na maji, kila saa 8. Usiyapitishe makavu, yanachoma tumbo.

Neno kuhusu chupa: Lugol iliyoko maabara kwa ajili ya kupaka slaidi si ya kunywesha, na dawa ya kahawia ya kuoshea vidonda ndiyo kabisa hapana. Tumia iliyotoka famasi kwa matumizi ya mdomo. Kama huna kabimazoli wala propilithiourasili, Lugol usiianzishe peke yake. Endelea na mengine yote na umsafirishe.

Hatua ya 5: Usiku huo na siku zinazofuata

Kila saa: joto, mapigo, presha, oksijeni, na kama anakutambua. Joto likishuka kwa parasetamoli huku mapigo yamegoma, dhoruba bado ipo. Mama alianza kumtaja bintiye kwa jina mchana wa siku ya pili, mapigo yakiwa 104. Asipobadilika ndani ya siku moja hadi mbili, tafuta kichocheo ulichokiruka: jipu, mkojo, mimba, sukari.

Akitulia, Lugol na haidrokotisoni zinapunguzwa na kuondolewa. Kabimazoli inabaki, kwa dozi inayoshushwa kidogo kidogo, hadi homoni ziwe sawa na apangiwe upasuaji au madini joto yenye mionzi. Hiyo ya mionzi itabidi isubiri, kwa sababu tezi iliyoshiba Lugol haiipokei.

Rufaa

Anayehitaji mashine ya kupumulia, mwenye degedege au moyo ulioshindwa, aende Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya au nyingine yenye chumba cha uangalizi maalumu. Usimpakie kwenye gari kabla ya dozi za kwanza. Kutoka Makete milimani ni saa kadhaa, na katika muda huo angekuwa ameshapata propranololi, kabimazoli na haidrokotisoni. Aende na muuguzi, oksijeni, na vidonge vya dozi inayofuata vikiwa vimeshasagwa. Kwenye barua andika kila dawa na saa yake, hasa saa ya kabimazoli ya kwanza, na kama Lugol imeshaanza au la, ili atakayempokea asikisie.